Bango la tarehe 5 Juni: andika kile ambacho mteja anaweza kukikagua

*Shikamoo mama. Nina duka dogo Area C hapa Dodoma, nauza vitu vya kutumia tena na tena: mifuko ya amerikani, mifuko mbadala, chupa za maji za stenlesi na miswaki ya mianzi. Siku ya Mazingira nataka kufanya promosheni. Bango nimeandika hivi: "Tuokoe dunia! Bidhaa zetu zote ni rafiki wa mazingira, asilia kwa asilimia 100, si plastiki na zinaoza. Kila chupa yetu inaokoa chupa 500 za plastiki. Nunua mifuko mitatu, wa nne bure." Mteja mmoja ameniuliza rafiki wa mazingira maana yake nini, nikakosa jibu. Nirekebishe wapi?*

Marahaba mwanangu. Huyo mteja aliyekuuliza mshukuru, kwa sababu amekuonyesha penye shida kabla hujapeleka bango kwa mchapaji. Nitakwenda na bango lako neno kwa neno, ila kwanza nikueleze lililonipata mimi, ujue kwa nini nalishikilia sana jambo hili.

Miaka ya nyuma niliandika vibao vya duka moja la mifuko, muda mfupi baada ya Serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019. Kibao kimoja nilikiandika "Mfuko wa kitambaa, si plastiki". Siku moja akaingia mwalimu wa sekondari, akavuta nyuzi mbili kwenye ukingo wa mfuko na kuwasha kiberiti. Zile nyuzi hazikuwaka kama pamba. Zilijikunja, zikayeyuka, zikabaki kitone kigumu kama shanga, na harufu yake ilikuwa ya mshumaa. Akakiweka kile kitone juu ya kaunta, mbele yangu, akasema, "Dada, hii ni plastiki." Alikuwa sahihi kabisa. Mfuko mbadala, huu wa rangi rangi unaoonekana na kushikika kama kitambaa, umetengenezwa kwa polipropilini, na polipropilini ni plastiki. Tofauti yake na ule uliopigwa marufuku ni kwamba huu ni mnene, una vishikio, na unaweza kurudi nao sokoni. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Niliandika nilichokiona kwa macho, basi.

Kwa hiyo maneno "si plastiki" yafute leo. Yanadanganya kwenye mifuko mbadala. Yanadanganya pia kwenye chupa zako, maana mfuniko wa chupa nyingi za stenlesi ni plastiki na ndani yake kuna pete ya mpira. Kwenye miswaki ndiyo usiseme: mpini ni mwanzi, lakini brashi zake kwa kawaida ni nailoni.

"Asilia kwa asilimia 100" nayo haisimami, hata kwenye mfuko wa amerikani ambao ndio fahari yako. Jaribio la kiberiti lifanye wewe mwenyewe kwa kitambaa chako, nje, juu ya sahani ya bati. Pamba tupu inawaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini, ya kijivu, ukiyagusa yanapukutika. Ukiona kitone cheusi kigumu kati ya majivu, basi kitambaa kimechanganywa na poliesta, na muuzaji wako wa majora hakukwambia. Ukishajua kwamba kitambaa ni pamba tupu, chukua sasa uzi wa mshono, uchome huo. Mafundi wengi wa cherehani wanatumia uzi wa poliesta kwa sababu haukatiki ovyo, na kwa mfuko wa kubebea viazi huo ndio uzi unaofaa. Mfuko wako basi una kitambaa cha pamba na mshono wa poliesta. Hakuna aibu hapo. Andika hivyohivyo: "Kitambaa ni pamba tupu, uzi wa mshono ni poliesta." Mteja akisoma sentensi ya namna hiyo ataamini na nyingine zilizobaki.

"Zinaoza" ni neno linalohitaji swali la pili: zinaoza wapi? Taka za majumbani hapa mjini zinakusanywa na kupelekwa dampo la Chidaya. Kitu cha pamba au cha mwanzi kikifukiwa ndani ya rundo la taka lililoshindiliwa, hewa haifiki, kinaoza polepole mno, na kikioza bila hewa kinatoa gesi ya methani inayoongeza joto duniani. Mpini wa mswaki ukiuchimbia shambani kwako ni habari nyingine, mradi umeng'oa brashi za nailoni kwa koleo. Ukitaka kutumia neno hilo, liandike pamoja na masharti yake: "Mpini ni mwanzi. Ng'oa brashi kwa koleo, zitupe na taka, kisha fukia mpini bustanini." Kwa mifuko na chupa liache kabisa. Na kweli, mwanangu, kwa mfuko ambao unataka udumu miaka, kuoza si sifa ya kuitangaza.

Yamebaki "rafiki wa mazingira" na "tuokoe dunia". Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 14021, kinachohusu madai ya mazingira ambayo mwenye bidhaa anajitolea mwenyewe. Kinasema wazi kwamba maneno ya jumla ya aina ya "rafiki wa mazingira", "salama kwa mazingira" au "kijani" yasitumike, na hata "endelevu" lisidaiwe. Sababu yake ndiyo ileile iliyokufanya ukose jibu: hayapimiki. Mtu hawezi kuyathibitisha wala kuyakanusha. Hapa nyumbani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji kwa taarifa za uongo kuhusu bidhaa. Sisemi kwamba kesho utafuatwa dukani Area C kwa sababu ya bango. Ninachosema ni kwamba neno lisilopimika haliwezi kukutetea siku ukiulizwa. Na neno "kijani" kwa watu wa Dodoma lina mahali pake tayari. Mtu akilisikia anafikiri miti inayopandwa mjini, wala hafikirii chupa ya maji.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu humo ndimo promosheni yako inamotakiwa kutoka.

Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa utafiti uliolinganisha mifuko ya kubebea, tangu malighafi hadi inapotupwa. Kwa upande wa gesi zinazoongeza joto, uliona kwamba mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ili uwe sawa na mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja tu. Mfuko wa polipropilini, ndugu wa mfuko mbadala wetu, ulihitaji mara 11. Pamba inakula maji, mbolea na dawa shambani, halafu kuna kusokota na kufuma viwandani, na mfuko wenyewe ni mzito.

Usiziandike namba hizo kwenye bango. Zilipigwa kwa Uingereza, kwa mifuko ya huko na umeme wa huko, na zinalinganisha na mfuko mwembamba ambao sokoni kwetu umeshakatazwa. Lakini zisome kwa faida yako. Ukigawa 131 kwa 11 unapata karibu 12. Maana yake, kwa hesabu ile, mfuko mmoja wa pamba umebeba mzigo wa gesi sawa na mifuko mbadala 12. Na mteja wako wa Soko la Majengo leo anachagua kati ya hiyo miwili: mfuko mbadala wa mia kadhaa au amerikani yako ya elfu kadhaa.

Fanya mfano. Tuseme mfuko mbadala anaoununua unavumilia safari 10 za sokoni kabla kishikio hakijang'oka. Basi amerikani yako itaanza kuwa na nafuu baada ya safari kama 120. Mama anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki atafika hapo baada ya wiki 60, yaani mwaka na miezi miwili hivi. Kama kamba ya mfuko wako itakatika mwezi wa sita, basi mfuko wako umeshindwa na ule wa mia kadhaa. Na kama ana mifuko minne ya amerikani nyumbani anayoipokeza, kila mmoja utachukua zaidi ya miaka minne kufika safari 120.

Umeona ninapokwenda. "Nunua mifuko mitatu, wa nne bure" ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kwenye bango lako, mbaya kuliko hata "rafiki wa mazingira". Ofa hiyo inampa mteja mifuko ambayo hataifikisha kwenye idadi ya safari inayohitajika. Nafuu ya kitu cha kutumia tena haimo ndani ya kitu chenyewe. Imo kwenye idadi ya mara kinapotumika. Kwa hiyo siku hiyo jitahidi kuongeza hizo mara.

Ningekuwa mimi, ningeweka cherehani mbele ya duka. Mkodi fundi wa siku moja, bandika kibao: "Leta mfuko wako, wowote, ulioununua popote. Kamba ikiwa imekatika tunashona bure." Mifuko mingi inafia mahali pamoja: pale kamba inapoungana na mdomo wa mfuko. Mafundi wengi wanapiga mstari mmoja wa kwenda na kurudi, basi. Mwambie fundi wako akunje kipande cha ziada cha kitambaa kwa ndani, kisha ashone mraba na msalaba katikati yake, kama bahasha inavyoonekana kwa nyuma. Mshono huo unatawanya uzito badala ya kuuweka wote kwenye tundu moja la sindano. Ni kazi ya dakika chache kwa kila kamba. Mifuko mbadala pia inashoneka kwa namna hiyo, ila sindano iwe nyembamba na hatua ya mshono iwe ndefu kidogo, maana matundu yakikaribiana mno kitambaa chake kinachanika kama karatasi iliyotobolewa mstari wa matundu.

Kabla ya siku yenyewe, jaribu mifuko yako. Chukua dumu la lita 10, lijaze maji, hapo una kilo 10 na uzito kidogo wa dumu. Litie ndani ya mfuko, utundike kwenye boriti jioni, uuangalie asubuhi. Usichague mfuko mzuri. Chota mitatu bila kuangalia kutoka kwenye rundo. Yote ikisimama, una sentensi ya bango ambayo hakuna jirani yako aliye nayo: "Tumeitundika mifuko mitatu na kilo 10 kila mmoja usiku kucha. Haikukatika." Mmoja ukikatika, mrudishie fundi mzigo wote kabla hujauza hata mmoja. Piga picha ya dumu likiwa linaning'inia, maana watu wataiomba.

Kwa mifuko mbadala unayouza kuna jambo moja zaidi la kukagua. Masharti ya hapa nchini yanataka iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba, ndiyo ile GSM 70 unayoiona imechapwa pembeni. Kuna mifuko inayochapwa 70 wakati kitambaa chake ni chepesi zaidi. Chukua mfuko mmoja wa kutoa kafara, kata vipande 10 vya mraba, kila upande sentimita 10, kwa rula na mkasi mkali. Vipande hivyo 10 kwa pamoja ni sehemu ya kumi ya mita ya mraba, hivyo vinapaswa kuwa na gramu 7 au zaidi. Mzani wa jikoni hautakusaidia kwa uzito mdogo namna hiyo. Nenda kwa sonara, mwombe akupimie. Ukipata gramu 5 au 6, usiuuze mzigo huo, na usirudi tena kwa aliyekuuzia.

Tuje kwenye chupa. "Kila chupa inaokoa chupa 500" umeitoa wapi? Nadhani umeiona kwa mtu mwingine mtandaoni, kama wengi. Chupa ya stenlesi ikiwekwa kabatini haiokoi kitu. Na mtu ambaye hajawahi kununua maji ya chupa, anayekunywa ya kuchemsha kutoka nyumbani kwenye chupa yake ya zamani, akinunua yako ameongeza chuma tu duniani. Anayepunguza chupa za plastiki ni yule aliyekuwa anazinunua, akaacha. Kwa hiyo dai la chupa lianze na neno "kama".

Tumhesabie mtumishi wa ofisini anayenunua chupa moja ya nusu lita kila siku ya kazi, siku tano kwa wiki. Tuseme ananunua kwa shilingi 500, na chupa yako unauza 24,000. Ofisini wana lile chupa kubwa la lita 20 linalorudishwa kujazwa. Tuseme kulijaza ni 3,000. Lita 20 ni nusu lita 40, kwa hiyo kila anapojaza chupa yako maji yanamgharimu shilingi 75. Kila siku ya kazi anabakiwa na 425. Gawa 24,000 kwa 425, unapata 56 na nusu. Siku ya 57 ya kazi, yaani ndani ya wiki ya 12, chupa imelipa bei yake, na chupa 57 za plastiki hazikununuliwa. Ili afike 500 atahitaji wiki 100 bila kukosa siku, karibu miaka miwili.

Weka bei zako halisi badala ya hizi zangu, halafu uandike: "Kama unanunua chupa moja ya maji ya 500 kila siku ya kazi, na ukaanza kujaza hii kwenye lita 20 ya ofisini, itajilipa ndani ya wiki 12." Sentensi ni ndefu kuliko ile ya 500, najua. Lakini mtu akiisoma anajipima papo hapo: mimi nanunua, au sinunui? Asiyenunua hatakurudia kulalamika, na anayenunua ataona pesa yake mwenyewe ikihesabiwa, jambo ambalo lina nguvu kuliko dunia nzima kuokolewa.

Anayetegemea maji ya bomba atakuuliza kuhusu chumvi, maana unajua maji ya visima vya huku kwetu. Mwambie ukweli: maji magumu yataacha utando mweupe ndani ya chupa. Si kutu na chupa haijaharibika. Aweke vijiko viwili vya siki, ajaze maji ya uvuguvugu, aache saa moja, asugue kwa brashi ndefu na kusuuza. Mwandikie maelezo hayo kwenye kikaratasi kidogo umpe pamoja na chupa. Chupa nyingi nzuri zinatupwa kwa sababu mtu aliona weupe ule akadhani ni ugonjwa. Na pete ya mpira ya mfuniko, agiza za akiba. Pete ikilegea chupa inavuja kwenye mkoba, na chupa inayovuja haitumiki tena hata kama chuma chake kizima. Ukiweza kusema "Pete za akiba zipo dukani", umeongeza miaka kwenye kila chupa uliyoiuza.

Miswaki usiipe nafasi kubwa. Bei yake ni ndogo, inabadilishwa kila baada ya miezi michache, na kusema kweli si kitu cha kutumia tena kwa maana ile ya mfuko na chupa. Iache rafuni na sentensi yake ya koleo.

Nikiyakusanya, bango lako ningeliandika hivi:

*Tarehe 5 Juni: leta mfuko wako tukushonee.*
*Kamba iliyokatika, mshono uliofumuka, tunashona bure saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, hata kama hukununua kwetu.*
*Mifuko yetu: kitambaa cha pamba tupu, uzi wa poliesta. Imebeba kilo 10 usiku kucha bila kukatika. Kamba ikikatika ndani ya miaka miwili, irudishe tushone.*
*Chupa za stenlesi, mfuniko wa plastiki: pete za akiba zipo. Uliza tukupigie hesabu itajilipa lini kwako.*
*Kama una mfuko mzima nyumbani, huhitaji mwingine. Njoo nao.*

Mstari wa mwisho utakutisha. Wenye maduka wote niliowahi kuwashauri wauandike walitaka kuufuta. Nakuomba uuache. Ndio unaomfanya msomaji aamini ile minne ya juu, na mtu anayekuja kushonewa anasimama kwenye kaunta yako dakika kumi akisubiri, macho yake yakiwa kwenye chupa zako.

Jina la siku weka kama kawaida, usilirefushe na tarehe ya mwaka. Turubai la kuchapwa ni plastiki pia, na ukiandika mwaka juu yake umelihukumu kutupwa Jumatatu. Siku ya wiki iandike kwenye kipande cha kadibodi unachobandika pembeni, turubai litarudi kazini mwakani. Maputo usiyaguse. Na bidhaa zenyewe, kama zinakuja kutoka Dar zikiwa kila moja ndani ya kifuko chake cha nailoni, usikifiche; mwambie msambazaji safari ijayo azipange kwenye boksi moja kwa karatasi. Mteja atakiona kifuko hicho kabla hajaliona bango.

Nunua pia daftari moja la kurasa 48. Kila sentensi ya bango ipe ukurasa wake: umeandika nini, umejuaje, lini, na ushahidi uko wapi. Chini ya "pamba tupu" bandika kipande cha kitambaa kilichochomwa na risiti ya jora. Chini ya "kilo 10" andika tarehe ya jaribio na nani alishuhudia. Jora jipya likija, choma tena, kwa sababu muuzaji anaweza kubadilisha kitambaa bila kukwambia na bango lako likageuka uongo bila wewe kujua. Msichana anayekusaidia dukani alisome daftari hilo. Swali lile ulilokosa jibu, safari hii atalijibu yeye: "Rafiki wa mazingira hatuandiki, dada. Tunaandika kilichomo kwenye mfuko na tulivyoujaribu. Tazama hapa."

Siku yenyewe usihesabu mauzo peke yake. Kila mfuko unaopita kwa fundi uwekee alama kwenye daftari: ni amerikani au mbadala, na umekatika wapi. Jioni utakuwa na kitu ambacho huwezi kukinunua popote, yaani orodha ya mahali mifuko ya Dodoma inapofia. Ukiona mingi imechanika chini badala ya kwenye kamba, mwambie fundi wako aongeze kitambaa cha pili sakafuni mwa mfuko kwenye mzigo ujao. Kwenye status yako ya jioni andika hesabu yenyewe, mathalani "Leo tumeshona mifuko 23", uongeze picha ya kamba moja kabla na baada. Usiigeuze kuwa kilo za plastiki zilizookolewa, kwa sababu hizo hujazipima. Mifuko umeihesabu mmoja mmoja.